Ramani Mama ya Mikoko

Katika ofisi ya upimaji pale Kibiti, zama za Mwingereza, palikuwa na mtunza stoo aitwaye Abdulkarimu Mtoro, mzaliwa wa Umwe. Yeye mwenyewe hakujua kuchora hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kulinda vilivyochorwa na wengine, na aliifanya kama mtu aliyepewa amana ya yatima.

Amana kubwa kuliko zote ilikuwa ramani ya mikoko ya delta. Wapimaji waliivujia jasho miaka minne, wakizama matopeni hadi mapajani, ndipo mchoraji wa ofisi, Bwana Amirali, akaichora kwa wino juu ya karatasi kumi na mbili za kitani chembamba kilichopakwa wanga. Ilionyesha kila mkono wa mto na kila mpaka wa watu wanaokata boriti visiwani. Nakala za buluu zilitolewa kwenye hicho kitani, zikagawiwa huku na huko. Kitani chenyewe wakakiita ramani mama.

Kwa miaka mitano Abdulkarimu aliilaza ndani ya kabati la mvule, bila kukunjwa. Miguu ya kabati ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, mchwa wasipande. Kila kiangazi aliitoa, akaikagua karatasi kwa karatasi kwa mikono mikavu, kwa kuwa tone moja tu la maji huyeyusha ule wanga na wino ukaondoka nao.

Mwaka 1943 akaja mkubwa mpya, Bwana Pemberton, mtu wa haraka. Akalitazama kabati, akacheka.

"Moto ukitokea, hili ni kuni tu. Lete sanduku la bati. Tulifunge kwa kulehemu, lisiingie hata sisimizi."

"Bwana, huu ni mwezi wa masika," Abdulkarimu akasema. "Kitani kimevuta unyevu. Tungoje jua la Juni."

"Bati halipitishi maji."

"Ndiyo, Bwana. Lakini halitoi pia."

Hakusikilizwa. Mvua ikigonga paa, ramani ikatiwa sandukuni, na fundi bati akalehemu kifuniko pande zote nne. Kisha Pemberton akaonyesha vitabu vya vipimo, arobaini na kimoja, vichafu kwa matope ya delta, vilivyoandikwa kwa penseli na wapimaji wakiwa ndani ya mitumbwi.

"Ramani imekwisha. Hivi vya nini tena? Vichome."

Abdulkarimu alivipakia kwenye mkokoteni hadi nyuma ya ofisi, kwenye shimo la taka. Akawasha kibiriti, kikazima. Akawasha cha pili. Hakuweza. Jioni ile vitabu vilikwenda nyumbani kwake chini ya mzigo wa makuti, na mkewe, Mwanamina, akavipandisha darini juu ya jiko, mahali anapoweka mbegu za mahindi.

"Moshi utavifukuza wadudu," akasema. "Ila wakijua, Baba Mtoro, tutalala wapi?"

Kesho yake akatia saini daftarini kwamba vimechomwa. Pemberton alihamishwa mwaka uliofuata.

Miaka ikapita. Sanduku likakaa kwenye rafu liking'aa, na hakuna aliyelifungua, kwani atakayelifungua itambidi alilehemu tena. Mafuriko nayo yakapita visiwani yakang'oa miti yote ya alama ya mipaka. Januari 1949 wakataji boriti wa visiwa viwili jirani wakagombania mpaka. Mtu mmoja, Maneno, akakatwa panga begani, na wenzake wakaapa kulipiza. Ofisa wa msitu akaja Kibiti akitaka kujua mpaka unapita wapi hasa.

Wakamletea nakala ya buluu. Bwana Amirali akaweka rula juu yake, akatikisa kichwa. "Hii ililoweshwa maji ilipochapwa, ikakauka na kunywea. Kisha jua limeifuta. Kwa kuangalia inafaa. Kwa kupima, hapana. Fungueni mama."

Fundi akaikata risasi iliyolehemu kifuniko. Abdulkarimu alikuwa karibu kuliko wote, na harufu ilimfikia kabla ya kuona: harufu ya chungu cha uji kilichosahauliwa. Kifuniko kikainuka.

Mlikuwa na kitu kama andazi la kijivu. Karatasi kumi na mbili zilikuwa zimegandana zikawa moja, zimeota ukungu mweusi na wa kijani. Amirali akaingiza kisu kwa upole, akajaribu kuibandua ya juu. Kikaja kipande cha ukubwa wa kiganja. Juu yake palikuwa na doa la wino lililotambaa kama damu kwenye pamba, na herufi mbili za jina la kisiwa.

Amirali akakishika kile kipande, akakisogeza karibu na jicho, mzee mwenye mvi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Miezi kumi na minne," akasema. "Nimechora miezi kumi na minne. Jicho langu hili limeharibikia hapa."

Abdulkarimu akaketi sakafuni, mbele ya wakubwa, bila kuomba ruhusa. Miaka sita alikuwa akilipangusa vumbi sanduku lile kila Jumamosi. Miaka sita alikuwa akipangusa kaburi.

"Vitabu vya vipimo viko wapi?" ofisa akauliza. "Kwa vipimo tunaweza kuichora upya."

"Daftari la stoo linasema vilichomwa," karani akajibu. "Saini ni ya huyu hapa."

Macho yote yakamgeukia. Abdulkarimu akaona mambo mawili kwa pamoja: kazi yake ikiondoka, na bega la Maneno.

"Saini ni yangu," akasema. "Nayo ni ya uongo. Viko darini kwangu."

Amirali ndiye aliyetangulia mlangoni, akikimbia pekupeku, viatu amevisahau chini ya meza.

Mwanamina aliwaona Wazungu na Wahindi wakimiminika uani, akaachia mwiko. "Baba Mtoro, wamejua?"

"Nimewaambia mwenyewe. Nipe ngazi."

Vikashushwa kimoja kimoja, vyeusi kwa masizi, vikinuka moshi. Amirali akafungua cha kwanza. Kurasa zilikuwa za rangi ya chai, lakini penseli ilisimama pale pale, kila pembe na kila umbali. Mzee akaketi juu ya kinu cha Mwanamina akalia waziwazi. Kitabu cha tisa peke yake kilikuwa kimeliwa na panya. Sehemu hiyo ilibidi wapimaji waingie tena matopeni kwa wiki tatu.

Karatasi yenye mpaka ilichorwa kwanza. Ikaonyesha kwamba Maneno alikatwa akiwa ndani ya eneo la kisiwa chake. Aliyemkata akapelekwa mahakamani, na wazee wa pande zote mbili wakapanda miti mipya ya alama wakiwa na ramani mkononi. Zile karatasi nyingine zilimchukua Amirali mwaka mzima na miwani mipya.

Abdulkarimu alipewa barua ya onyo kwa kuandika uongo daftarini. Katika bahasha hiyo hiyo mlikuwa na amri ya kumwachia upangaji wa stoo. Akaiweka ramani mama mpya kwenye kabati la mvule, ikiwa imekauka barabara. Nakala ya pili ya kitani, iliyochorwa kwa mkono, ikapelekwa mji mwingine. Vitabu vya vipimo vikapata chumba chao, mbali na ramani, na orodha ya vyote ikabandikwa mahali pawili. Kila Agosti vilifunguliwa, mtu akaandika alichokiona, si alichodhani.

Lakini mshtuko ule haukumtoka. Mpaka uzeeni hakuweza kupita mbele ya kitu kilichofungwa bila kutaka kukifungua. Siku moja Mwanamina alimkuta ameinamia sanduku lake la nguo, anazinusa kanga.

"Haya, mkaguzi," akamwambia. "Umeona nini?"

"Kavu," akasema Abdulkarimu, na akazikunja upya, taratibu, moja baada ya nyingine.