Maziwa Yaliyopita Tarehe Tukiwa Matangani

Nyinyi vijana mnaodhani duka ni kukaa kwenye kiti na simu, sikieni. Bidhaa hazingoji mtu amalize kulia.

Binti yangu alikuwa na duka mtaa wa Kisumu Ndogo. Kila mzigo ukija, alivuta bidhaa za zamani mbele, mpya akazisukuma nyuma, ili zinazokaribia kuharibika ziuzwe kwanza. Alipokufa tulifunga mlango, tukampeleka nyumbani Magharibi, tukamzika, tukakaa matanga. Hakuna aliyekumbuka maziwa.

Tuliporudi nilifungua mimi. Zile alizopanga mbele kwa mkono wake ndizo zilizopita tarehe, maziwa na unga wa uji wa watoto. Za nyuma zilikuwa nzima, ila katoni moja ya maziwa ilikuwa imefura na tarehe yake bado.

Mkwe wangu, mume wa marehemu, alibaki nje. Kwetu mkwe na mama mkwe hawabanani nyuma ya kaunta moja, hata kwa msiba. Tukawa tunaongea kupitia kijana wa mauzo wa stoo ya jumla ya Kawangware, aliyesimama mlangoni akigeuza shingo huku na huku.

Kijana alieleza kwamba iliyofura kabla ya tarehe ni kosa la kiwanda. Ataichukua, stoo wakague, kisha watoe kredit noti. Hiyo si pesa ya mkononi, inapunguzwa kwa bili ya mzigo ujao. Iliyopita tarehe tulipaswa kuwaambia mapema, kabla tarehe haijafika. Hiyo ni hasara ya duka.

Katoni moja haiwezi kujaza rafu. Bila mzigo duka lingefungwa, na wajukuu wangu walikuwa wanakula hapo.

"Mwambie mama tufute tarehe kwa spiriti," mkwe akasema, macho barabarani. "Zote tuseme ni kosa la kiwanda."

Kijana akaniambia, "Mama, marehemu alikuwa akinipa chai kila nikija. Nitaziandika hivyo."

"Stoo wakigundua?"

"Watanifuta kazi. Si kitu."

"Una mtoto?"

"Mmoja."

"Basi ni kitu. Muulize mkwe kama ameskia."

"Nimeskia," mkwe akajibu kutoka nje. "Nimefiwa, sijakuwa kiziwi."

Tukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha kicheko cha mkwe kikageuka kilio, akaegemea mabati, na sikuweza hata kumshika bega.

Alipotulia alisema basi tuuze unga kwa bei ya kutupa, watu watanunua haraka. Najua watanunua. Najua hata ni kina nani, mama wa watoto wachanga wasio na kitu, wale ambao binti yangu alikuwa akiwakopesha.

Kijana alibeba ile katoni moja, akaniachia karatasi ya kuonyesha ameichukua. Nikawaita wajukuu.

"Leteni wembe. Kila pakiti ya maziwa ikatwe, imwagwe chooni. Unga uchanganyeni na majivu kabla ya kuutupa, mtu asije akauokota. Na baba yenu asiguse. Mwacheni akae."