Zabuni ya Lukmani

Shadya wa Kibeta hakusahau. Lukmani, muuza spea wa Muleba, alimuuzia gia boksi bovu huku akiapa, "Zima kabisa, wallahi!" Alipomdai pesa zake mbele za watu, naye Lukmani akamwekea kinyongo.

Gari lake lilipopondeka kona ya Izigo na bima ikasema halitengenezeki, Shadya alitangaza kila kijiwe cha Bukoba kwamba mabaki atabaki nayo yeye, hata iweje. Alijua maneno yatamfikia nani.

Siku ya kufungua zabuni za mabaki, Lukmani alikuwa kwenye benchi la ofisi ya bima, akichekelea.

"Mama, fidia yako ni milioni kumi na nne," alisema Judica, ofisa wa madai. "Ukibaki na mabaki, tunakata zabuni ya juu kabisa. Wengine wametaja milioni mbili, ila Lukmani ametaja sita. Utapata nane."

"Nisipoyachukua?"

"Unalipwa zote kumi na nne. Yeye anayachukua kwa bei yake. Ameshasaini na kuweka dhamana."

Kicheko kwenye benchi kikakatika.

Shadya akamgeukia. "Lichukue, kaka. Zima kabisa, wallahi."