Mgeni Aliyetaka Nimkatalie

Kwetu Newala mgeni hakataliwi neno. Akisifu chai yako kuwa tamu, na sukari hukutia, unaitikia tu.

Basi akaja binti wa chuo kikuu, anasomea lugha, akafikia kwetu. Mimi shule iliishia darasa la pili, tena hilo la pili nalo nililichungulia tu, maana korosho za baba zilikuwa zinadondoka. Lakini yeye alitaka wazee kama mimi hasa. Nikavaa shati la Idi.

Kazi yenyewe: anatamka sentensi, namwambia kama tunasema hivyo.

"Babu, 'Nimesoma kitabu.'"

"Sawa, mjukuu wangu."

"'Nimekisoma kitabu.'"

"Sawa!" Na kweli ni sawa, cha kwanza kitabu chochote, cha pili kile tunachokijua.

"'Nimeona bibi yako.'"

Hapo sikio likaniwasha. Bibi si kisiki, bibi unamwona! Lakini mgeni, jamani. "Sawa kabisa."

Kesho yake uso umemsinyaa. Mwalimu wake yuko njiani kutoka Masasi kuja kusikiliza, na kazi yote imesimama juu ya jambo moja: mtu tunayemjua anadai ile m ya 'namwona' kwenye kitenzi, kitu kinaweza kukaa bila alama.

"Kwa majibu yako, Babu, hakuna tofauti. Nitaanza upya kijiji kingine."

Machozi yakamlenga. Nikamwambia aendelee, nimfurahishe.

"'Natafuta mke.'"

"Sawa sana!"

Mke wangu alikuwa uani akimenya mihogo. "Baba watoto! Unatafuta mke, mimi nimekuwa nani?"

"Najibu sentensi tu!"

"Hujajibu kitu. Jana kasema 'nimeona bibi yako', ukaitikia! Mjukuu, huyu anakusitiri kwa kuwa u mgeni. Mimi nikipotea, atamtafuta mke wake. Anayetafuta mke ni kapera, hamjui bado atakayempata."

Binti akaruka, nusura aangushe sinia la mihogo. "Kwa hiyo 'natafuta' na 'namtafuta' zote zipo, ila si kwa mke yule yule! Babu, nikatalie, nakuomba. Kwangu mimi heshima ndiyo hiyo."

Nikajikaza. Kumkatalia mgeni! Jasho lilinitoka.

"'Nimeona bibi yako.'"

"Hatusemi hivyo! Nimemwona!"

Akapiga vigelegele, na mke wangu akamwitikia.

"'Natafuta kibarua.'"

"Sawa, yeyote mwenye jembe."

"'Namtafuta kibarua.'"

"Huyo namjua, kanikimbia palizi haijaisha!"

Mwalimu wake alipofika, nilikuwa nimenogewa. Kila sentensi mbaya niliikata, nzuri nikaipitisha, mwalimu anatikisa kichwa kwa furaha, binti anacheka na kuandika. Hakuna kijiji kingine tena. Binti akafunga daftari, akainuka kumsaidia mke wangu kutenga mihogo.

"Babu, karibuni chakula."

"Hatusemi hivyo!" nikanguruma, na mke wangu akasema basi nilale njaa.