Lebo Tatu za Bi Nukta

Kwa miaka ishirini na mbili Bi Nukta alipiga chapa barua za wakubwa ofisini, na barua ya mkubwa ilipokuwa na maneno mia mbili, kwake ilitoka na themanini, wala mkubwa hakugundua. Jina lenyewe alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuwa na simile na mtu anayesahau nukta. Sasa amestaafu, na chumba chake cha wageni kimejaa makopo ya mafuta ya ngozi anayoyatengeneza mwenyewe: ya waridi, ya mchaichai, na yale yasiyo na harufu kwa ajili ya watoto wachanga. Mgeni akija analala sebuleni.

Wiki hiyo kulikuwa na jambo moja tu kichwani mwake. Msimamizi wa duka kubwa la karibu na kituo cha mabasi alikuwa amempa rafu. Si rafu nzima, bali nafasi ya usawa wa macho, upana wa mkono mmoja, aina tatu. "Lakini sipokei kopo lenye karatasi ya kuandikwa kwa kalamu," alimwambia. "Tarehe ishirini niletee yenye lebo za maana. Ukichelewa, kuna mtu wa sabuni anaitaka nafasi hiyo." Bi Nukta aliitaka rafu ile kuliko alivyowahi kutaka kupandishwa cheo, na alikuwa akilisema hilo waziwazi kwa kila aliyemuuliza habari za asubuhi.

Binti wa dada yake, anayefanya kazi kwenye duka la dawa na kujua mambo ya mitandao, ndiye aliyetangulia kuandika tangazo: mbunifu mkali anahitajika haraka, malipo maelewano. Kufikia mchana walikuwa wamejibu watu arobaini na saba. Nusu waliuliza maelewano ni kiasi gani, nusu nyingine waliuliza kazi yenyewe ni nini, na mmoja alituma picha yake akiwa kwenye gari.

"Futa hilo," alisema Bi Nukta. "Hujasema kitu, ndiyo maana na wao hawasemi kitu."

"Mama mdogo, matangazo yote yako hivyo."

"Ndiyo maana watu hawapati mafundi. Lete simu."

Akavaa miwani, akaandika:

*Natafuta mbunifu wa michoro. Kazi: lebo tatu za makopo ya mafuta ya ngozi, umbo la mstatili, urefu sentimita 25, kimo 6, zinazunguka kopo. Jina na nembo ninavyo, usiniundie vingine. Masahihisho: mara mbili. Utakabidhi faili la kuchapisha na faili la kazi linaloharirika. Malipo: laki moja na nusu, nusu tukikubaliana, nusu ukikabidhi. Mwisho: tarehe 12, saa kumi jioni. Tuma kazi tatu ulizofanya. Maneno matamu sihitaji.*

Tarehe 12 hakuitoa hewani. Mchapishaji alimwambia anahitaji siku nne za kazi, na yeye mwenyewe alijitengea mbili za kubandika. Alilisoma tangazo mara mbili, hakuona pa kukata, akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Walijibu tisa. Wanane walituma kazi zao na kusema wako tayari kuanza. Wa tisa, mwanamke mmoja, alituma kazi zake na swali: "Mama, kopo lako limenyooka, au juu ni pana kuliko chini?"

Bi Nukta aliingiwa na hasira. Ameandika mstatili, ishirini na tano kwa sita, mtu anataka nini tena? "Huyu anatafuta mlango wa kuongeza bei," alimwambia binti wa dada yake.

"Si umpigie tu?"

Akampigia, sauti ikiwa ile ya ofisini. "Mwanangu, vipimo si nimevitoa?"

"Umevitoa vizuri, mama, tangazo lako nimelipenda. Ila ulipima wapi? Juu kwenye mdomo au chini?"

Bi Nukta akalivuta kopo. Alikuwa amepima juu, chini ya kifuniko, kwa futi ya fundi cherehani, mara moja.

"Kata karatasi ya vipimo vyako hivyo hivyo," aliendelea mbunifu, "uizungushie kopo. Mimi nasubiri hewani."

Bi Nukta akakata, akaizungusha. Karatasi ilianza vizuri, halafu ikaanza kupanda upande mmoja, na ncha zilipokutana moja ilikuwa juu ya mwenzake kwa upana wa kidole. Akailazimisha ikae sawa. Chini ikajikunja kama shati lililolaliwa. Akajaribu tena na kopo la pili, kana kwamba kopo la pili lingekuwa na heshima zaidi. Makopo mia tatu yalimtazama kutoka kitandani, yote mapana juu na membamba chini. Hapo akacheka, kicheko cha nguvu hadi binti wa dada yake akaja mbio kutoka jikoni.

"Kwa pupa ya kupima mara moja, nimekula wa chuya," alikiri kwenye simu. "Sasa tunafanyaje?"

Mbunifu alimweleza bila kumsimanga. Lebo ya kopo la namna ile huchorwa kama upinde, na inataka vipimo vitatu: mzunguko wa kopo kwenye ukingo wa juu wa lebo, mzunguko kwenye ukingo wa chini, na kimo kinachofuata mteremko wa kopo. Njia ya mkato ipo, kibandiko kidogo mbele na kingine nyuma, lakini viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi vingekuwa vidogo mpaka mnunuzi avae miwani mbili. "Na kabla ya kunilipa," aliongeza, "muulize mchapishaji wako kama ana mashine ya kukata upinde."

Mchapishaji alikuwa nayo, moja, na foleni. Hadi tarehe 18 angeweza kutoa aina moja tu ya lebo. Nyingine mbili, tarehe 27.

Bi Nukta akahesabu siku kwa vidole. Angeweza kuchukua vile vibandiko vidogo na kufika dukani na aina zote tatu. Lakini alijijua: kila akipita pale rafuni angeona kazi ya kulipualipua yenye jina lake. Akaligeuza lile tangazo kuwa makubaliano na mbunifu yule, mafupi kama kawaida yake. Kazi, lebo tatu za upinde. Ya watoto kwanza, tarehe 12, baada ya kujaribiwa kwenye kopo halisi. Mbili zilizobaki, tarehe 20. Malipo akayaongeza mwenyewe elfu thelathini, na mbunifu aliposema haikuwa lazima, akamjibu kwamba swali lake lilikuwa limeshafanya kazi kabla hajachora mstari.

Tarehe ishirini asubuhi alimwekea msimamizi kopo moja mezani. Yule bwana alilizungusha polepole, akitafuta ncha zilipokutana, akapitisha ukucha juu ya maungio. Haukukwama.

"Tulisema aina tatu, mama."

"Tulisema. Leo ni moja. Mbili zitafika tarehe 29, na zitakuwa kama hiyo au sizileti."

Msimamizi alilitazama kopo tena, halafu akamtazama yeye. Akanyanyuka, wakaenda pamoja hadi rafuni. Aliyapanga makopo ya watoto upande wa kushoto, safu mbili. Kisha akachukua vijikaratasi viwili vya majina, akaandika waridi, akaandika mchaichai, na kuvibandika mbele ya nafasi mbili tupu.

"Mtu wa sabuni akiuliza," alisema, "nitamwambia pana wenyewe."

Bi Nukta akakinyoosha kijikaratasi cha mchaichai kilichokaa upande. Alisimama mbele ya zile nafasi tupu, machozi yakimlengalenga.