Siku Tatu Zilizoitwa Utoro

Mwone kwanza anavyoingia. Ni Jumatatu asubuhi, ofisi ya utumishi ya hospitali ya watoto, chumba chenye meza mbili na kabati la chuma ambalo mlango wake umekataa kufungika. Anaingia mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mfupi, mikono mikubwa kuliko kimo chake, viatu amevipiga rangi mpaka vinang'aa. Anatabasamu, kwa sababu anajua alichofuata: barua ya ajira. Wiki iliyopita walimjaribu katika chumba cha kufulia, akakunja mashuka arobaini huku mkuu wa madobi amesimama pembeni, na mkuu akasema watu wote wakisikia, "Huyu akipatikana, msinitafutie mwingine."

Sisi tumwite Nyoosha, kama walivyomwita wenzake kule alikotoka, maana alikuwa hawezi kuona mkunjo akaupita.

"Kaa, dada," afisa utumishi akamwambia. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na aliivua kabla ya kusema. Nyoosha akajua kuna jambo.

"Mwajiri wako wa zamani ametujibu."

"Amesemaje?"

"Hajasema mazuri."

"Naomba nione, mama."

"Siwezi kukupa hivi hivi. Iombe kwa maandishi, niipeleke kwa mkubwa wangu."

Nyoosha akaomba karatasi. Akaandika palepale, kiwiko juu ya meza ya watu, mistari minne: kwamba ameambiwa kuna taarifa mbaya juu yake, kwamba anaomba nakala ili aweze kuijibu, na kwamba anaomba nafasi isitolewe kwa mwingine kabla hajajibu. Afisa akatoka nayo. Akakaa huko nusu saa nzima. Aliporudi alikuwa na nakala mkononi.

"Nafasi naishikilia mpaka Ijumaa saa sita mchana," akasema. "Zaidi ya hapo sina uwezo, mkuu wa madobi anataka mtu."

Nyoosha akaisoma akiwa amesimama kwenye korido. Ilikuwa na sahihi ya msimamizi wa nguo wa hospitali aliyofanyia kazi miaka minane. Ilisema hivi: *Alikuwa mtoro, na mwezi wa tatu aliacha kazi siku tatu mfululizo, tarehe nane hadi kumi. Alikuwa mchochezi. Wenzake hawakupenda kufanya kazi naye. Hatungemwajiri tena.*

Niambie, katika sentensi hizo, ipi ingekuuma wewe? Utoro? Uchochezi? Yeye ilimchoma ile ya tatu.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha za huku, mwingine za kule, mnavuta, mnatembea mpaka mnakutana katikati, mnapeana, mnaachana. Kwa miaka minane mtu wa ncha za kule alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Mrefu. Huyu Mrefu na huyu mfupi, watu walikuwa wanakuja dirishani kuwacheka tu. "Mnakunja shuka au mnapiga hema?" Na Mrefu anajibu bila kugeuka, "Njoo ulale ndani utajua." Walikuwa wanakutana katikati ya shuka mara mia tatu kwa siku, na kila wakikutana kuna neno wanapeana: mtoto amepona, mume amenuna, shingo inauma. Tangu Nyoosha aondoke pale, Mrefu hakuwahi kumpigia. Na Nyoosha, akikunja shuka lake mwenyewe nyumbani, anabana ncha mbili kwa mlango ndipo anavuta. Anamkumbuka mpaka mabega yanauma.

Aliondokaje? Kwa sindano. Wauguzi wa wodi moja walikuwa wakiacha sindano zilizotumika ndani ya mashuka machafu, na madobi walizichambua kwa glavu nyembamba zile za kupimia wagonjwa. Nyoosha alimwambia msimamizi mara mbili kwa mdomo. Mara ya tatu sindano ikamwingia kidole gumba. Akapelekwa kliniki ya hospitali hiyohiyo, akaanzishiwa dawa za kinga za mwezi mzima, na siku za mwanzo dawa zilimwangusha, akawa hawezi hata kusimama. Daktari akampumzisha siku tatu. Vipimo vya baadaye vilikuja salama, tushukuru. Lakini aliporudi kazini aliandika malalamiko, akampa msimamizi, na wiki mbili zilipopita kimya akayapeleka ofisi ya kazi. Mkaguzi akaja. Glavu nene zikaja. Mkataba wa Nyoosha ulipokwisha mwezi wa sita, haukuendelezwa.

Jumatatu hiyo mchana aliandika jibu. Aliandika kurasa saba. Jioni akampelekea mume wa dada yake, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyetumia maisha yake kupokea karatasi za watu wenye hasira.

Shemeji akasoma ukurasa wa kwanza, akanywa chai. Akasoma wa pili.

"Shemeji, hapa umemwita nyoka."

"Ni nyoka."

"Na hapa ukurasa wa tano umemwita tena."

"Nilikuwa nimesahau kama nimeshamwita."

"Sasa nyoka huyu anawahusu nini watu wa hospitali ya watoto? Wao wanataka kujua kitu kimoja: tarehe nane ulikuwa wapi?"

Nyoosha akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki. Tarehe nane, sahihi ya daktari, *apumzike siku tatu*. Na muhuri. Shemeji akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha, akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyekaa sana na mihuri.

"Muhuri wa wapi huu?"

"Wa kliniki ya hospitali."

"Yaani hospitali imekupumzisha, halafu hospitali inasema umetoroka."

"Msimamizi hakuuliza kliniki. Aliangalia daftari lake la mahudhurio tu. Karatasi ya daktari nilimkabidhi, akaitia kwenye droo."

"Basi hukuhitaji kurasa saba. Unahitaji moja."

Wakakaa kuiandika. Nyoosha alitaka kutaja kifungu cha sheria alichosikia redioni, shemeji akakataa. "Kifungu usichokishika vizuri usikiandike, watakushikia hapohapo. Andika siku, andika kilichotokea, ambatanisha ushahidi, sema unachotaka na lini unakitaka. Mambo ya kwamba wamekulipizia kisasi, weka tarehe za malalamiko yako tu, nakala ipeleke ofisi ya kazi. Wenyewe watajumlisha."

Walipofika sentensi ya tatu, Nyoosha akaweka kalamu.

"Hii tuiache."

"Kwa nini?"

"Nikiuliza ni wenzangu gani, watanitajia."

Shemeji akamwangalia. "Unaogopa atatajwa yule mrefu wako."

"Hajanipigia miezi mitatu."

"Basi mpigie wewe, aandike kwamba mlifanya kazi vizuri. Shahidi mzuri huyo."

"Hapana. Bado yuko pale. Leo akiniandikia, kesho na yeye anatafuta kazi. Mwache."

"Sawa, yeye tumwache. Lakini sentensi ukiiruka, yule mama wa hospitali ya watoto atadhani umeikubali."

Nyoosha akaisoma tena ile sentensi. Kisha akashika kalamu. Hii ndiyo barua waliyoimaliza:

*Kwa mkurugenzi wa hospitali.*

*Yah: Ombi la kusahihisha taarifa ya utumishi wangu.*

*Nilikuwa dobi katika hospitali yako kwa miaka minane. Nimepewa nakala ya taarifa iliyotumwa kwa mwajiri ninayeomba kazi kwake. Inasema niliacha kazi tarehe 8 hadi 10 mwezi wa tatu. Siku hizo nilipumzishwa na daktari wa kliniki yako baada ya kuchomwa sindano kazini. Nakala ya kadi nimeambatanisha.*

*Inasema nilikuwa mchochezi. Tarehe 24 mwezi wa tatu niliandika malalamiko kuhusu sindano kwenye mashuka, na tarehe 9 mwezi wa nne niliyapeleka ofisi ya kazi, ambako yamesajiliwa. Kama kuna jambo jingine nililofanya, naomba nielezwe.*

*Inasema wenzangu hawakupenda kufanya kazi nami. Naomba nielezwe ni nani na alisema lini, au sentensi hiyo iondolewe.*

*Naomba taarifa iliyosahihishwa ipelekwe hospitali ya watoto kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na mimi nipewe nakala.*

*Nakala: Afisa Utumishi, hospitali ya watoto. Nakala: Ofisi ya Kazi.*

Jumanne alizipeleka mwenyewe zote tatu. Kwa mkurugenzi alienda mwisho. Karani wa mapokezi akasaini kwenye daftari lake, akagonga muhuri kwenye nakala. Nyoosha akashukuru, akatoka, na miguu ikampeleka upande wa nyuma bila kumuuliza. Mvuke ulikuwa unatoka dirishani kama zamani, na ule mlio wa mashine ya kupigia pasi. Akasimama nje ya ukuta akinusa mashuka ya moto. Ilibaki hatua kumi tu achungulie, aone ni nani ameshika ncha za huku.

"Bwana wee, umerudi kutuhesabia sindano?"

Alikuwa msimamizi, anavuka ua na kikombe mkononi.

"Hapana, mkubwa. Nimeleta barua."

"Barua! Wewe ungezaliwa posta."

"Hii si yako. Yako ulishaiandika."

Msimamizi akainua kikombe, akanywa chai. Nyoosha akaenda zake. Hakuchungulia.

Jumatano kimya. Alhamisi, saa nne, simu ikaita kutoka ofisi ya mkurugenzi: aende akachukue nakala yake. Mkurugenzi alikuwa amempigia daktari wa kliniki, na daktari amethibitisha. Barua mpya ilikuwa na mistari mitatu. Kwamba amefanya kazi ya udobi hapo miaka minane. Kwamba siku tatu za mwezi wa tatu alikuwa kwenye mapumziko ya ugonjwa kwa idhini ya daktari. Kwamba taarifa ya awali imeondolewa. Neno samahani halikuwamo, na la wenzake halikuwamo pia. Limetoka tu, kama uzi uliochomolewa, huoni hata lilipokuwa.

Ijumaa saa tatu afisa utumishi alivaa miwani badala ya kuivua. "Saini hapa, dada. Na Jumatatu njoo mapema, mkuu wa madobi amechoka kunisumbua."

Mashuka ya watoto ni madogo. Mtu mmoja angeweza kuyakunja, lakini hapo huyakunja wawili, ni utaratibu wao. Mwenzake mpya ni msichana mpole, anavuta haraka mno, na wakikutana katikati hana la kusema. Nyoosha anamfundisha taratibu.

Jumatano ya pili, saa ya mapumziko, ujumbe ukaingia. Kutoka kwa Mrefu. *Nimesikia umepata kazi. Nimefurahi mpaka nimelia. Nilikuwa naogopa kukupigia. Jumapili nipo nyumbani, njoo.*

Nyoosha akausoma mara nne. Alikuwa anaogopa nini? Kuonekana anaongea na mlalamikaji? Au msimamizi alimwita ofisini kumuuliza, na kuna kitu alichosema? Akaandika, *Uliulizwa kuhusu mimi?* Akafuta. Akaandika, *Nitakuja.* Akabaki ameshika simu kwa mikono yote miwili, kidole gumba juu ya kitufe.

Wewe ungetuma lipi?