Nilivyoikataa Maabara ya Homa Bay

Kazi ya Homa Bay niliitamani tangu nikiwa mwanafunzi wa maabara. Nilifanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja ya misheni huko, na mkuu wake, mama mrefu asiyependa mzaha, aliniambia nikikomaa nirudi. Basi nikakomaa, nikipima malaria na choo kwenye kliniki ndogo mjini Migori, karibu na nyumbani, mpaka barua pepe yake ikafika: wananipa maabara nzima niisimamie. Nilishukuru siku hiyohiyo, nikaomba wiki mbili za kufikiria. Akakubali.

Cha kufikiria kilikuwa Mama. Tulikuwa tumemzika Baba karibuni, na kwetu mjane halali nje ya boma lake mpaka mila zikamilike. Mila zenyewe zilimngoja kaka yangu mkubwa, na kaka alikuwa amebanwa na mkataba wa kazi Qatar. Kila akipigiwa simu ni "mwezi ujao, mwezi ujao." Mama naye alikuwa na sukari, macho yameanza kufifia, na sindano yake ya asubuhi na jioni nilimchoma mimi. Huko Homa Bay msimamizi wa maabara hulala karibu na hospitali, maana mama anayejifungua akivuja damu hakuna kungoja mpima damu atoke Migori. Mimi ningehama, Mama asingehama.

Nilimsihi, haki nilimsihi.

"Nilale kwa nyumba ya kupanga na baba yako hajapoa kaburini?" akaniuliza. "Nyathina, mwanangu, watu watasema nini?"

"Hao watu ndio watakuchoma sindano?"

Nilimjibu kwa ukali, na mpaka leo sauti yangu hiyo inanichoma mimi. Mama alicheka kidogo. "Bwana huna, mtoto huna, sasa na kazi uikatae? Nenda. Jirani atanichoma."

Jirani alikuja, mama mwema kabisa. Nikamwonyesha, nikamwonyesha tena, kisha nikamwachia. Akavuta dawa mpaka bomba la sindano likajaa, kipimo cha kuua mtu, utafikiri anajaza chupa ya mafuta ya taa. Nililidaka mkononi mwake. Mama alikuwa ameshainua nguo, anangoja, hajaona kitu. Hapo nikajua siendi popote, na roho ikaniuma vibaya.

Pale kliniki, mwenzangu alinishauri ninyamaze tu, watajua wenyewe. Mwingine akasema niipeleke ile barua kwa bosi wetu aniongeze mshahara. Jameni! Mtu amekukumbuka miaka yote hiyo, halafu umfanye ngazi ya kufikia mfuko wa mwingine? Wiki mbili hazikuwa zimeisha, lakini sikuona haja ya kuzimaliza. Kila siku niliyokaa kimya, maabara yao ilikaa bila mtu.

Niliandika barua ndefu, Baba ndani, kaka ndani, sukari ndani. Nikaisoma, nikaifuta yote. Barua ya kukataa kazi si mahali pa kumwaga machozi. Nikampigia mkuu kwanza, kwa sababu sikutaka habari aikute kwenye kompyuta.

"Madam, nimefikiria sana. Sitaweza kuichukua kazi. Mama yangu ni mgonjwa na hawezi kuhama, na mimi siwezi kumwacha."

Akauliza, "Tukikuongeza kitu kidogo?"

"Si pesa, Madam. Mngenipa hata mara mbili, jibu ni hilo. Asante kwa kunikumbuka."

Kisha nikamtajia binti mmoja hodari tuliyesoma naye, ambaye nilikuwa nimemuuliza kwanza kama anaitaka. Baada ya simu nikatuma barua ya mistari michache: shukrani, jibu, sababu kwa ufupi. Alijibu jioni, "Mtunze mama. Mlango haujafungwa." Nikafunga simu nikaingia jikoni kupika, Mama asinione uso.

Hakuniuliza kitu. Mama aliinua tu nguo akingoja sindano. Mwaka ule ukapita hivyo, na wa pili ukaanza, tukigombana juu ya chai yenye sukari, tukicheka. Kisha figo zikakataa, na Mama akaenda.

Kaka alikuja. Safari hii alipata ruhusa.

Mkuu wa hospitali alinipigia baada ya matanga. Binti niliyempendekeza alikuwa anaolewa Kisumu, nafasi iko wazi. "Nakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine," akasema, kisha kwa upole, "Mama anaendeleaje?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya chungu cha maji tulimokuwa tukiweka dawa yake ipate baridi. Kichupa kimoja kilikuwa bado mle, hakijafunguliwa. Nikamwambia. Akanipa pole, akasema nichukue muda wowote nitakao nifikirie.

"Hapana, Madam," nikasema. "Nakuja. Siku hizi sina wa kumfikiria."