Tofauti Kati ya Hatari na Hatari

Siku ya kwanza niliyosimama mbele ya darasa la usalama kazini, niliwatangazia watu kumi na mmoja, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, kwamba asubuhi hiyo tungejifunza tofauti kati ya hatari na hatari.

Waliandika. Hilo ndilo lililonisikitisha zaidi. Watu kumi na mmoja waliinamisha vichwa wakaandika "hatari", kisha "na", kisha "hatari", halafu wakaninyanyulia macho wakingoja tofauti yenyewe.

Kilikuwa kiwanda cha vifuniko vya plastiki huko Tonawanda, kaskazini ya Buffalo. Mimi nilikuwa mwendesha mashine, wala si mwalimu. Afisa usalama, Mmarekani mrefu na mpole aliyebeba kalamu nne mfukoni, alikuwa ameuliza kama kuna mtu anayeweza kuwatafsiria wafanyakazi wapya, wengi wao Wakongo kama mimi. Nikainua mkono kwa sababu chumba cha mafunzo kilikuwa na kipoza hewa na sakafu ya mashine haikuwa nacho. Yeye akasema hazard, akaeleza. Akasema risk, akaeleza. Kwangu mimi yote mawili yalitoka mdomoni yakiwa neno moja.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja wa makamo, kutoka milima ya Kivu Kusini. Alikuwa na wiki moja tu kiwandani, kazi yake kupanga vifuniko kwenye maboksi. Akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, akichanganya Kifaransa kidogo, "bon, hatari ya kwanza nimeelewa. Na ile ya pili nimeelewa. Donc, ni moja."

Nilimtafsiria afisa. Afisa akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri, akaangalia saa, akasema tuendelee wiki ijayo.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Lower West Side, nikiwa nimeudhika. Nilikuwa nimefanya kazi Amerika miaka minane, nimehudhuria mafunzo ya usalama Louisville na Columbus, nimeweka sahihi kila karatasi niliyopewa, na sasa ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kuelewa karatasi hata moja.

Jumapili, baada ya ibada, nilimuuliza Mrundi mmoja aliyesomea Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Huyo hazungumzi Kiswahili, anakihutubia. Akasema neno sahihi la kile cha kwanza, hazard, ni kihatarishi. Nilimshukuru. Nikajaribu neno hilo kwa mke wangu tukiwa jikoni, akaniuliza kama ni dawa.

Jioni hiyo nikampigia simu yaya yangu, dada yangu mkubwa, aliyeko Columbus. Yeye huwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa: huwaogesha, huwalisha, huwanyanyua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Nikamweleza shida yangu. Hakuona shida.

"Sisi kule kuna mzee wa kilo mia na ishirini," akasema. "Huo uzito wake ndio kitu cha kuumiza. Unaweza kukuvunja mgongo. Sasa, akiwa amelala, mimi niko mlangoni, ataniumiza vipi?"

"Hawezi."

"Hawezi. Lakini nikimnyanyua peke yangu, asubuhi nikiwa na haraka, sakafu ina maji? Hapo kuumia kuko karibu, na nikiumia naumia vibaya. Tukimnyanyua kwa ile mashine yenye kamba, watu wawili, kuumia kunaenda mbali. Mzee amepungua kilo?"

"Hapana."

"Basi. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni mimi na yeye tunakutanaje. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria Louisville.

Kazi yangu ya kwanza Amerika ilikuwa huko Louisville, ghalani karibu na Okolona, kufungua maboksi. Tulipewa visu vidogo vyenye wembe. Mafunzo yalikuwa sentensi moja: kisu ni hatari. Nilikubali, kisu ni hatari, hata ng'ombe wetu kule milimani wangekubali. Kwa hiyo nilikiogopa kisu kwa usawa kila mahali: mfukoni kikiwa kimefungwa, mezani, mkononi. Kwa vile nilikiogopa kila mahali sawasawa, baada ya mwezi nikazoea, nikaacha kukiogopa popote. Siku moja nikakata boksi nikivuta wembe kuelekea kwangu, mkono wa kushoto ukiwa umeshikilia boksi mbele ya wembe huohuo. Nilishonwa nyuzi saba kwenye kiganja. Msimamizi alikuja hospitali akaniuliza kwa masikitiko kama hawakuniambia kwamba kisu ni hatari.

Waliniambia. Hawakuniambia kwamba wembe uliofungwa na wembe unaovutwa kuelekea mkononi ni wembe mmoja, lakini si jambo moja.

Wiki iliyofuata niliingia darasani na maneno mepesi. Nikasema: kile kitu chenye uwezo wa kukudhuru, tutakiita hatari. Kile kingine, kile afisa anachokiita risk, si kitu. Ni swali lenye vipande viwili: je, kuna uwezekano gani wa kukudhuru, na kikikudhuru, kitakudhuru kiasi gani? Hivyo viwili ukivipima pamoja, ndipo unajua uanze kurekebisha wapi.

Afisa akatupeleka kwenye sakafu ya kiwanda. Alituonyesha pipa la asidi ya kusafishia mabomba, limefungwa, liko ndani ya kizimba chenye kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja aliyefundishwa. Akatuonyesha pia maji yaliyovuja chini ya sinki la kunawia mikono, pale ambapo kila mtu hupita mara sita kwa siku. Akauliza tuogope nini.

Wote wakasema asidi.

"Asidi ndiyo inayounguza," nikatafsiri. "Ikikufikia, itakuumiza kuliko maji. Lakini leo, hapa, nani atafikiwa na asidi? Na nani atateleza?"

Mama yule wa makamo alikuwa tayari amekwenda kuchukua mopu.

Nilidhani somo limeishia hapo. Siku nne baadaye msimamizi wa zamu aliniita, akiwa na mama huyo pembeni. Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, asiyependa watu kuchelewa. Mama alikuwa amechelewa kurudi kutoka mapumziko dakika sita, siku nne mfululizo. Msimamizi aliniomba nitafsiri onyo la maandishi.

Nikatafsiri onyo. Mama akasikiliza lote, akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie amesema kweli," akasema. "Nimechelewa. Napita nje, nazunguka jengo."

"Kwa nini unazunguka, mama?"

"Ule mlango wa mapazia ya plastiki. Sipiti pale."

Kati ya sakafu ya mashine na chumba cha kulia kulikuwa na mlango mpana usio na ubao, umening'inizwa vipande virefu vya plastiki nzito ili joto lisitoke. Plastiki hiyo ilikuwa imechakaa ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo walipita watu, na hapo zilipita foklifti, magari madogo yenye uma za chuma za kubebea mizigo. Mimi nilikuwa nimepita miaka miwili.

Msimamizi akasema foklifti ziko kila mahali kiwandani, na nyingi zaidi ziko uani nyuma, kwenye malori. Kama mama anaogopa foklifti, amechagua kazi isiyomfaa. Alisema bila ubaya. Nilitafsiri bila ubaya.

"Siogopi foklifti," mama akasema. "Nimeziangalia. Kule uani ziko tano, lakini hakuna mtu anayetembea, kuna uzio. Hatari iko, lakini itamgonga nani? Pale mlangoni inapita moja tu. Lakini dereva haoni ng'ambo, na sisi hatuoni ng'ambo, na saa ya chakula tunatoka wote kwa pamoja tukiwa na njaa. Na ikikugonga, haitakugonga kidogo." Akanigeukia. "Mwalimu, si ndivyo ulivyosema? Vipande viwili?"

Ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimetarajia mtu aende kuyatumia maneno yangu.

Nilitafsiri kila neno. Nilikuwa na aibu kidogo, kama mtu aliyeuza mwavuli bila kuamini mvua. Msimamizi akamwita afisa usalama kwa redio. Saa ya mapumziko ilipofika, tulisimama wanne kando ya mlango ule, migongo ukutani, tukaangalia.

Mtu wa kwanza alipita akitazama simu. Wa pili alisukuma plastiki kwa bega kwa sababu mikono ilibeba chakula. Kisha foklifti ikaja kutoka upande wa pili, dereva akapiga honi kama alivyofundishwa. Mashine za vifuniko zilikuwa zinanguruma, honi ikamezwa. Uma za chuma zikatokeza kwenye plastiki kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwenye kimo cha magoti. Mwanamume aliyekuwa anatoka akasimama ghafla, mchuzi ukammwagikia kifuani. Dereva hakumwona hata baada ya kupita.

Mwanamume yule alijifuta, akaendelea na safari yake. Ilionekana si mara yake ya kwanza.

Afisa alitoa kalamu moja kati ya zile nne, akaandika kwa muda mrefu. Msimamizi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mimi niliyatazama magoti yangu, yale yale yaliyopita pale miaka miwili.

Siku hiyohiyo walifunga mlango kwa mnyororo, watu wote wakazunguka nje, na mapumziko yakaongezwa dakika sita. Kulikuwa na mkutano mmoja ambapo mtu kutoka ofisini alipendekeza tupewe vizibao vya kung'aa, basi yaishe. Afisa akamjibu kwamba kizibao hakionekani nyuma ya plastiki ya rangi ile. Mwishowe walifungua mlango mdogo wa watu, mita nane kutoka ule mkubwa, na uzio wa chuma katikati, na plastiki chakavu ikabadilishwa kwa ile ya kuonekana ng'ambo. Foklifti ni ileile. Uma zake ni zilezile. Inapita ilipopita siku zote, na watu hawako tena mbele yake.

Onyo la mama lilichanwa. Msimamizi alimwomba radhi mbele yetu, nami nikatafsiri, na hiyo ndiyo kazi ya tafsiri iliyonipendeza kuliko zote. Mama akasema, "Haina shida, mama, ulikuwa unafanya kazi yako," kisha akauliza kama anaweza kurudi kwenye maboksi yake, yamejaa.

Mimi sasa nafundisha kila mfanyakazi mpya anayezungumza Kiswahili, asubuhi moja kila mwezi. Siku hizi naanzia nje. Nawapeleka wageni kwenye uzio wa uani, wanaangalia foklifti tano zikizunguka, nawauliza kama wako salama. Wengi husema hapana. Nawaambia waangalie tena, wahesabu kilichoko kati yao na mashine. Kisha tunaingia ndani.